Dawa ya sonona imenirudishia akili, lakini sifiki kileleni

*"Daktari, nina miaka 41. Natumia setralini miligramu 100 kwa siku, huu ni mwezi wa tisa. Sonona imenirudia mara tatu, na mara ya mwisho ilirudi baada ya kuacha dawa mwenyewe, nikalazwa. Sasa kichwa kimetulia ila kitandani mambo yamekwama. Uume unasimama kama kawaida, lakini naweza kukaa saa nzima sifiki, mwisho nachoka naacha. Mke wangu anadhani nina mtu nje. Rafiki mmoja kaniambia ninunue vidonge vya nguvu za kiume, mwingine kasema niwe naruka dawa Ijumaa hadi Jumapili. Daktari wangu kasema dawa nisiache. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, kuna maneno mawili uliyoyaandika yanayoniambia zaidi ya barua nzima: "uume unasimama". Wengi wanaokuja kwangu husema tu "nguvu zimeisha", nami inanibidi nichimbue nijue ni zipi zilizoisha. Tendo lina hatua tatu, na kila moja ina njia zake mwilini. Kuna hamu, yaani kutaka. Kuna kusimama, ambako ni kazi ya mishipa ya damu. Na kuna kufika, ambako ni kazi ya neva za uti wa mgongo zikisimamiwa na ubongo. Dawa za kundi la setralini zinaweza kugusa zote tatu, lakini hatua ya mwisho ndiyo zinayoigusa zaidi, na huko ndiko ulikokwama.

Sababu yake ni hii. Setralini huongeza serotonini, kemikali inayofanya kazi kati ya seli za neva. Katika ubongo, baada ya wiki kadhaa, hiyo hukuinua kutoka kwenye sonona. Lakini serotonini hiyohiyo hushuka hadi kwenye uti wa mgongo, mahali panapotoka amri ya kumwaga, na huko hufanya kazi ya breki. Kwa hiyo unasisimka, unasimama, unakaribia, halafu amri haitoki. Breki hii ni ya uhakika kiasi kwamba madaktari huwapa wanaume wanaomwaga mapema mno dawa za kundi hilihili ili kuwachelewesha. Wanachokitafuta wao ndicho kinachokutesa wewe.

Kabla ya kuilaumu dawa moja kwa moja, jiulize mambo mawili. La kwanza ni lini ilianza. Breki ya setralini huonekana mapema, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo au mara baada ya kipimo kupandishwa, wakati moyo wenyewe bado haujachangamka. Kama tatizo lilikuwapo kabla ya kidonge cha kwanza, basi kuna kitu kingine. La pili, unapokuwa peke yako unafika kwa muda wako wa zamani? Dawa haijui kama uko na mtu au uko peke yako, itachelewesha kote kuwili. Mwanaume anayefika haraka akiwa peke yake lakini hafiki akiwa na mkewe ana jambo la kuzungumza, si la kubadilisha vidonge. Pia mpe daktari wako orodha ya kila unachotumia, pamoja na dawa za presha na pombe, kwa sababu pombe nayo huchelewesha, na vikikutana viwili hujui ni kipi kilichokufunga.

Nitaandika sasa nikichukulia kwamba majibu yako yanaielekea dawa, kwa kuwa maelezo yako yanafanana mno na picha hiyo. Kungoja tu hakutakusaidia. Wapo wachache ambao mwili huzoea na mambo hurudi yenyewe, lakini kwa kawaida dalili ya kuzoea huanza kuonekana katika miezi ya mwanzo. Wewe uko mwezi wa tisa.

Nianze na vidonge vya rafiki yako wa kwanza. Dawa halisi ya kazi hiyo ni sildenafili, nayo hufungua mishipa ya damu ya uume. Ni dawa nzuri, na kwa wanaume wanaotumia dawa za sonona imepimwa vizuri. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha wanaume 90 wa namna yako, wanaoendelea na dawa za sonona huku tendo likiwasumbua. Waliopewa sildenafili, zaidi ya nusu walipata nafuu kubwa. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo siidharau. Lakini inachosaidia zaidi ni kusimama, na wewe kusimama unako. Wapo wanaopata msaada kidogo wa kufika kwa sababu uume ukiwa mgumu zaidi msisimko nao huongezeka, ila usiitegemee iachie breki iliyo kwenye uti wa mgongo. Hamu nayo haiiongezi.

Mtu ambaye shida yake ni kusimama ningemwanzishia hapo hapo: miligramu 50 kama saa moja kabla ya tendo, bila mlo wenye mafuta mengi kwa kuwa mafuta huichelewesha, na akijua kwamba bila kusisimuliwa haifanyi kitu. Marufuku kabisa kwa anayetumia dawa za kifua za jamii ya naitreti, kama vile nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi, kwa sababu presha inaweza kushuka hadi akapoteza maisha. Na usinunue vile vinavyouzwa kama "mitishamba ya nguvu za kiume" visivyo na jina la dawa. Maabara zimekuta mara nyingi ndani yake sildenafili iliyofichwa, kwa kipimo ambacho hakuna anayekijua.

Ushauri wa rafiki wa pili una historia. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti mdogo ambao wagonjwa walimeza dawa Alhamisi asubuhi, wakaruka Ijumaa na Jumamosi, wakarudi Jumapili mchana. Kwa waliotumia setralini na paroksetini, wengi walipata nafuu ya tendo wikiendi hiyo. Kwa waliotumia fluoksetini haikusaidia, kwani hiyo hukaa mwilini kwa wiki na siku mbili si kitu kwake. Kwa hiyo rafiki yako hakutunga.

Hata hivyo wewe nakukataza, na nakukataza kwa sababu ya ulichokiandika mwenyewe. Setralini hupungua nusu mwilini kwa muda unaozidi siku moja kidogo. Ukiiruka siku mbili kila wiki, baadhi ya watu hupata kizunguzungu, hasira za ghafla, usingizi wenye ndoto nzito, na ile hali ambayo wagonjwa huiita shoti ya umeme kichwani. Kibaya zaidi, mwili hufundishwa kwamba dawa ni kitu cha kuruka. Nimeona wikiendi ikageuka kuwa siku nne, kisha ikawa "nitarudia Jumatatu ijayo". Mtu aliyelazwa baada ya kuacha dawa mwenyewe hatakiwi kufanya jaribio hilo.

Sasa twende kwenye yale ambayo kweli yanaweza kukufaa. Yote yanapita kwa daktari wako, na yote hufanywa moja baada ya jingine. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja na likatokea jema au baya, hutajua limetoka wapi.

La kwanza ni kipimo. Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: kipimo cha chini cha tiba, ambacho kwa setralini ni miligramu 50, tayari huziba takribani asilimia 80 ya milango inayorudisha serotonini ndani ya seli. Ukipanda kutoka hapo, wapo wanaopata faida ya kweli, lakini wapo ambao faida ni ndogo huku breki ikizidi kukaza. Ndiyo maana kupunguza kidogo wakati mwingine hurudisha tendo bila kuamsha sonona. Upande wa pili wa mizani ni kwamba, kwa mtu aliyerudiwa mara tatu, kanuni yetu ya kawaida ni kuwa kipimo kilichokuponya ndicho kinachokulinda. Hivyo swali la kumuuliza daktari ni hili: nilipokuwa kwenye 50, nilikuwa naendeleaje? Kama ulipona ukiwa kwenye 50 na 100 iliongezwa kwa tahadhari tu, kuna nafasi ya kushuka. Kama kwenye 50 ulikuwa bado unalia usiku, basi ruka hatua hii bila majuto.

Mkikubaliana kushuka, mnashuka kwa miligramu 25: kutoka 100 hadi 75, mnakaa wiki nne, mnatazama. Na hakuna kushuka bila kujua dalili yako ya kwanza. Kila mtu ana yake. Kwa mmoja ni kuamka saa kumi alfajiri asilale tena, kwa mwingine ni kuacha kupokea simu. Mkeo pengine anaijua dalili yako kuliko unavyoijua wewe. Ikijitokeza kwa siku nne au tano mfululizo, mnarudi kwenye kipimo cha zamani bila kusubiri miadi.

Kuhusu saa ya kumeza, wagonjwa huniuliza sana. Setralini hufikia kilele kwenye damu kati ya saa nne na nane baada ya kumeza, kwa hiyo tendo likifanyika muda mfupi kabla ya kidonge cha siku hiyo, dawa iko chini kidogo. Mtu anayekutana na mkewe usiku anaweza kuhamishia kidonge kiwe cha baada ya tendo, usiku huohuo. Lakini kwa kuwa dawa haishuki sana ndani ya siku moja, tofauti ni ndogo na kwa wengine haipo. Haina hasara, mradi kidonge kimemezwa.

Hatua ya pili, na kwa mtu wa hali yako ndiyo ninayoitumaini zaidi, ni kuongeza dawa nyingine juu ya setralini bila kuiondoa. Ninayoizungumzia ni bupropioni. Nayo ni dawa ya sonona, lakini haigusi serotonini. Inasukuma dopamini na noradrenalini, kemikali nyingine za ubongo, na dopamini ni upande wa kanyagio la mafuta, upande wa hamu na kufika. Watu hukosea hapa kwenye kipimo. Miligramu 150 mara moja kwa siku, katika majaribio, haikuonyesha tofauti ya maana na kidonge kitupu. Majaribio yaliyoonyesha nafuu yalitumia miligramu 300 kwa siku, zimegawanywa mara mbili. Hivyo ukianzishiwa 150 na baada ya wiki mbili huoni kitu, usiseme imeshindwa. Bado hamjafika.

Ina masharti mazito. Haifai kwa mtu aliyewahi kupata degedege au kifafa, wala kwa aliyewahi kuugua ule ugonjwa wa kujinyima chakula au wa kula na kujitapisha. Aliyewahi kuumia kichwa vibaya, na mnywaji mkubwa wa pombe, hasa anayeiacha ghafla, naye yuko hatarini. Mwambie daktari ukweli wote juu ya haya hata kama unaona aibu. Inaweza kupandisha presha, kwa hiyo ipimwe kabla na baada. Inafukuza usingizi, kwa hiyo kidonge cha pili kimezwe mchana, si usiku. Na wale wenye wasiwasi mkali wakati mwingine huhisi wamechochewa zaidi siku za mwanzo.

Hatua ya tatu ni kubadilisha dawa kabisa: kwenda kwenye bupropioni peke yake, au mitazapini, ambayo huziba baadhi ya vipokezi vya serotonini vinavyohusika na breki, ingawa wengi huongezeka uzito na kusinzia. Kwa mtu anayeanza matibabu leo na anayejali sana tendo, huenda ningeanzia huko. Kwako ninaiweka mwisho, kwa sababu setralini imefanya kazi, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba mpya itafanya. Mkifika huko, moja hupunguzwa taratibu wakati nyingine inapanda, kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo zinazohitaji kuangaliwa kwa karibu kuliko zote.

Nikupe mfano wa mgonjwa niliyemfuatilia, mwalimu wa miaka 44, aliyekuwa kwenye setralini 150. Alikuja akisema "nimekufa kiume". Nilimpa karatasi tu, nikamwambia kwa wiki tatu aandike kila mara walipokutana na mkewe: hamu kati ya sifuri na kumi, uume ulisimama au la, alifika au la, na baada ya dakika ngapi. Karatasi iliporudi ilikuwa na mistari mitano. Hamu nne, tatu, tano, nne, nne. Amesimama mara zote tano. Hakufika hata mara moja, na alikuwa ameacha baada ya dakika 40, 50, 45, 60 na 30. Hapo neno "nimekufa" likapata umbo: hamu imepungua kiasi, kusimama kuko sawa, kufika kumefungwa.

Alikuwa amepona kwenye 100, na 150 iliongezwa wakati wa msiba. Tukashuka hadi 125 kwa wiki nne, kisha 100. Mkewe ndiye aliyekabidhiwa kuangalia dalili ya kwanza, ambayo kwake ilikuwa kuamka alfajiri na kukaa sebuleni gizani. Haikuja. Kwenye 100 alifika mara mbili kati ya sita, baada ya dakika 35 hivi. Alifurahi, nami nilifurahi, lakini hamu ilikuwa bado nne. Ndipo tukaongeza bupropioni, asubuhi tu kwa wiki mbili, kisha asubuhi na mchana. Wiki ya kwanza ya kipimo kamili alilala vibaya na presha ikapanda kidogo. Kidonge cha pili tukakirudisha saa nane mchana na usingizi ukarudi. Kufikia wiki ya nane, karatasi ilisema hamu sita au saba, na anafika mara tatu kati ya nne, kwa dakika 20 hadi 25. Zamani zake zilikuwa kama dakika kumi. Hakurudi pale, na nilimwambia mapema kwamba pengine hatarudi. Alichorudi nacho kilimtosha yeye na mkewe.

Wakati dawa zinarekebishwa, kuna mambo ya kitandani yanayosaidia. Acha kukazana saa nzima. Baada ya dakika 25 hivi ngozi inachubuka, mkeo anaumia, na wewe unageuka msimamizi anayejitazama badala ya mtu anayehisi. Wekeni mpaka mapema, mkifika hapo mnaachia na kumalizia kwa njia nyingine inayowafaa, bila kuihesabu kuwa ni kushindwa. Breki hii inahitaji msisimko wenye nguvu zaidi kuliko zamani, si mrefu zaidi. Kifaa cha mtetemo kikigusishwa upande wa chini wa uume, karibu na kichwa chake, huwasaidia baadhi ya wanaume waliokwama namna hii, na madaktari hukitumia hata kwa walioumia uti wa mgongo. Na kama umezoea kujichua, punguza, ili msisimko uliopo ubaki kwa ajili ya mkeo.

Ukipata kufa ganzi kwenye sehemu za siri, mwambie daktari sasa, usisubiri miadi. Kuna watu ambao matatizo ya tendo yameendelea hata baada ya kuacha dawa hizi, na mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitaka onyo hilo liandikwe kwenye karatasi za dawa. Sikutajii ili uogope kidonge cha kesho. Nakutajia ili usidhani kuacha ghafla ni ufunguo wa uhakika. Na siku ukitumia sildenafili au dawa nyingine yoyote, uume ukisimama zaidi ya saa nne na kuuma, nenda hospitali usiku huohuo. Kama mnatafuta mtoto, mwambie daktari mwanzoni kabisa, maana kutofika hapo si suala la raha tena na mpango utaharakishwa.

Limebaki la mkeo. Yeye anaona mume anayesimama lakini hamalizi hamu yake kwake, na akili ya binadamu yeyote itajaza pengo hilo na mtu wa tatu. Usimweleze kitandani, wala mara baada ya kushindwa. Mweleze mchana, mmevaa, kidonge kikiwa mkononi: "Hiki kinachonizuia nisilazwe tena ndicho kinachonizuia nisifike. Ilianza wiki fulani, nilipoanza kumeza." Kisha mwombe aje nawe kwa daktari. Mke wa yule mwalimu alikuja miadi ya pili, akauliza swali moja tu: kama mumewe akiwa peke yake pia hafiki. Mumewe akajibu kwamba hafiki. Akanyamaza kidogo, kisha akachukua ile karatasi akaanza kuisoma mstari kwa mstari, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiandika dakika.